Mama kaacha vidonge vya sukari kisa meseji ya magome ya mkorosho

Shikamoo shangazi. Naandika toka Tandahimba. Mama yangu ana kisukari muda mrefu, anatumia metfomini na vile vidonge vidogo vya glibenklamaidi. Wiki iliyopita mjomba katuma meseji kwenye grupu la familia, inasema hivi: "MUHIMU SANA!!! Profesa wa hospitali kubwa Dar amegundua magome ya mkorosho YANAPONYA KISUKARI KABISA ndani ya siku 21. Chemsha kiganja kimoja cha magome kwa lita 2 za maji, kunywa glasi asubuhi na jioni. ACHA vidonge vya hospitali vinaua figo. Usile ugali, wali, soda wala kitu cha sukari ukiwa kwenye dozi. Inatibu pia presha, vidonda vya tumbo, uvimbe na nguvu za kiume. Ni ya asili haina madhara. Madaktari hawataki ujue. Tuma kwa watu 10. Dozi iliyotengenezwa tayari elfu 60, piga namba hii." Mama kaacha vidonge na anakunywa hayo maji. Jirani yetu anasema yeye kanywa, sukari imetoka 19 mpaka 7. Mimi sina elimu ya udaktari, nitajuaje kama ni kweli au uongo? Huyo jirani mbona kapona? Na mjomba nitamwambiaje, unajua mjomba kwetu ni mtu mkubwa, akisema kasema.
Binti wa Tandahimba

Marahaba mwanangu.

Mama kwanza, meseji tutaichambua baadae. Leo hii mpeleke zahanati au kituo cha afya akapime sukari, na umwambie mhudumu wazi kabisa kwamba kaacha dawa na anakunywa nini, usimfiche kwa aibu. Kama yuko sawa tu hana dalili yoyote, arudie dozi yake ileile aliyoandikiwa, asijumlishe zile alizoruka. Ila kama ana kiu isiyoisha, anakojoa kila mara, anatapika, anapumua kwa shida au anaongea vitu havieleweki, hiyo sio ya kusubiri kesho, tafuteni usafiri muende hospitali muda huohuo. Na kuna hatari ya upande wa pili ambayo watu wengi hawaijui, hivyo vidonge vidogo vya glibenklamaidi vinashusha sukari hata kama mtu hajala, sasa mgonjwa mwingine anasoma meseji kama hiyo anaendelea na vidonge kimyakimya afu anaacha ugali na wali kama alivyoambiwa, sukari inashuka chini ya 4, anatoka jasho la baridi, anatetemeka, anachanganyikiwa, anaweza kuzimia. Ukiona hivyo na bado anaweza kumeza, mpe sukari vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, afu ale chakula na aende akaonwe. Mtu aliyezimia usimpe kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Kwa hiyo unaona, meseji moja inamuumiza anayeacha dawa na inamuumiza asiyeacha.

Haya sasa tuje kwenye meseji yenyewe. Huhitaji udaktari kuichambua, unahitaji kuiuliza maswali matatu, nani kasema, ushahidi uko wapi, na je maneno yenyewe yanaingia akilini.

Nani kasema. Hapo ukiangalia vizuri hamna mtu. "Profesa wa hospitali kubwa Dar", profesa yupi? Hana jina, hana idara, hamna tarehe, haijulikani utafiti ulifanyika mwaka gani na umetolewa wapi. Mtu anayegundua dawa ya kuponya kisukari kabisa dunia nzima ingemjua jina kabla ya kujua dawa yake. Zingine zinaweka jina, na hapo ndo kazi inakuwa rahisi zaidi, maana kila daktari anayetibu Tanzania bara lazima awe kasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, jina unaweza kulitafuta kwenye daftari lao mtandaoni, na kama kuna picha ya "daktari" unaweza kuipitisha kwenye Google Lens ukaona hiyo sura imetokea wapi kwingine, mara nyingi unakuta ni picha ya mtu wa nchi nyingine kabisa. Afu chukua sentensi moja ndefu ya meseji, toa neno mkorosho, itafute Google. Hizi meseji mtu anabadilisha mmea tu, maneno mengine yanabaki yaleyale, leo mkorosho kwa sababu tupo Mtwara, pengine ni mlonge, pengine bamia, na siku 21 zipo palepale.

Angalia pia juu ya meseji kwenye Wasap. Ukiona vishale viwili pamoja maana yake imeshapita mikono mitano au zaidi kabla haijamfikia aliyekutumia. Kwa hiyo mjomba hajui alieandika, aliyemtumia mjomba naye hajui. Mjomba ni mtu wa kuheshimika na anampenda dada yake, lakini yeye hapa ni mpitishaji, uaminifu wake hauhamii kwenye maneno ya mtu asiyemjua. Mtu pekee ambaye ana uhakika wa kupata kitu kwenye hiyo meseji ni mwenye namba ya simu ya pale chini, ya elfu 60.

Na hapa niseme kitu, usije ukafikiri kwamba mtu akiwa hatafuti hela basi anachosema ni kweli. Mwaka 2011 watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kikombe cha dawa yake ya kunywa kilikuwa shilingi 500 tu, hiyo sio bei ya tapeli. Watu wengi waliamini kwa sababu hiyohiyo. Lakini kuna waliofia njiani na kwenye foleni, na kuna walioacha dawa zao za hospitali wakarudi nyumbani hali mbaya zaidi. Nia njema ya mtu haipimi sukari. Ndo maana hatuishii kwenye "nani kasema", tunauliza ushahidi.

Ushahidi. Sasa hapa nitakushangaza kidogo, mkorosho kweli umeshachunguzwa kwa habari ya kisukari. Mwaka 1998 watafiti wa Kameruni walitoa taarifa ya majaribio yao, waliwapa panya maji ya majani ya mkorosho, afu wakawachoma kemikali inayoharibu kongosho ili wapate kisukari, na wale waliotangulia kupewa majani sukari yao haikupanda sana kama ya wenzao. Hicho ni kitu cha kweli na ni kizuri kukijua. Lakini soma tena taratibu uone kimesema nini. Walikuwa panya. Walipewa majani, meseji inasema magome. Walipewa kabla kongosho halijaharibiwa, mama yako kongosho lake limeshachoka miaka mingi. Na matokeo yalikuwa sukari kupanda kidogo kuliko wengine, hakuna aliyesema panya wamepona moja kwa moja. Yani toka pale mpaka "yanaponya kabisa siku 21 acha vidonge" kuna safari ndefu sana ambayo mwandishi wa meseji ameiruka yote. Meseji nyingi za dawa ndo zinavyotengenezwa, zinachukua punje moja ya ukweli na kuizungushia mengine, ndo maana ukikutana na mtu anayekuambia "lakini utafiti upo", usibishe kwamba haupo, muulize ulifanyika kwa nani, walipewa nini, kiasi gani, na walipata nini.

Jirani sasa. Simuiti mwongo, namba zake nakubali kabisa kwamba aliziona kwenye mashine. Nenda kamuulize kwa upole. Hiyo 19 alipima saa ngapi, na alikuwa amekula nini? Nakwambia hivi kwa sababu nimekaa kliniki ya sukari miaka mingi kabla sijastaafu, na mtu akitoka kwenye shughuli amekula pilau na soda mbili afu akapimwa, 19 haishangazi. Hiyo 7 je, ilikuwa asubuhi kabla ya kula? Maana ukilinganisha sukari ya baada ya pilau na sukari ya asubuhi tumbo tupu, hata bila dawa yoyote utaona "imeshuka", hivyo ni vipimo viwili tofauti huwezi kuvilinganisha. Asubuhi tumbo tupu ikisoma 7 au zaidi hiyo bado ni kisukari, kwa hiyo hata kwa kipimo chake mwenyewe jirani hajapona, imedhibitiwa kidogo tu. Muulize pia vidonge kaacha kweli au anaendelea navyo. Afu muulize swali ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote, alipokuwa anakunywa magome aliacha kula nini?

Rudi kwenye meseji, imeandikwa usile ugali, wali, soda wala sukari. Hapo ndo ujanja ulipo. Mtu mwenye kisukari akiacha soda, akapunguza ugali kwa wiki tatu, sukari yake itashuka akinywa magome, akinywa maji ya bomba au asiponywa kitu. Chakula kinafanya kazi, magome yanachukua sifa.

Wewe umekulia kwenye mikorosho, utanielewa nikisema hivi. Mtu akija na unga mpya anasema unaua ubwiriunga kuliko salfa, akaupulizia shamba zima na mwaka huo ubwiriunga ukawa mdogo, wewe utanunua? Utamwambia labda mwaka huu ugonjwa ulikuwa mdogo kila mahali, ungeacha mistari kadhaa bila kupulizia tungeona tofauti. Ndo wanavyofanya watafiti wa korosho wa Naliendele wakijaribu dawa, miti mingine inapata mingine haipati, shamba lileile, mvua ileile, afu wanahesabu. Dawa ya binadamu nayo inajaribiwa hivyo, wagonjwa wanaofanana wanagawanywa kwa bahati nasibu, nusu wanapewa dawa nusu wanapewa kitu kinachofanana nayo ambacho sio dawa, wote wanakula chakula cha aina moja, wanafuatiliwa miezi. Jirani yako ni mti mmoja. Na kumbuka wale ambao wamekunywa wakazidiwa hawaji kwenye grupu kutoa ushuhuda, wako wodini au wamenyamaza, kwa hiyo unazisikia sauti za upande mmoja tu.

Kuna kipimo kinaitwa HbA1c, wengi wanakiita kipimo cha miezi mitatu, hicho hakidanganywi na kufunga kula siku moja kwa sababu kinapima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinaishi kama siku 120. Asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimepona ndani ya siku 21", jua siku 21 hazitoshi hata kwa hicho kipimo kuonyesha picha kamili. Mama kama hajapimwa HbA1c karibuni muombe daktari, sio zahanati zote wanacho, hospitali ya wilaya au ya mkoa waulize. Hata mashine ya kidole ukumbuke ina kosa lake, inaruhusiwa kupishana na maabara mpaka kama asilimia 15, sukari ya 8 mashine nzuri tu inaweza kuisoma 7 au 9, kwa hiyo mtu asishangilie wala asilie kwa tofauti ya pointi moja.

Tuje kwenye kuingia akilini. Meseji inasema dawa moja inatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo, uvimbe na nguvu za kiume. Kisukari cha mama yako ni mwili kutotumia insulini vizuri na kongosho kuchoka, vidonda vya tumbo vingi vinatokana na bakteria au dawa za maumivu, uvimbe ni ukuaji wa nyama. Ni vitu vyenye chanzo tofauti, hakuna kinachoviunganisha isipokuwa kwamba ndo magonjwa ambayo watu wengi wanayo na wanayaogopa. Orodha ikiwa ndefu hivyo mwandishi anatafuta wateja wengi.

"Vidonge vinaua figo" ndo sentensi mbaya kuliko zote humo, kwa sababu watu wanaona kweli wagonjwa wa sukari wanaharibika figo na wote walikuwa wanameza vidonge, basi wanaunganisha. Kumbe kinachoharibu figo ni sukari yenyewe ikikaa juu miaka, pamoja na presha. Metfomini haiharibu figo, ila inatolewa mwilini kupitia figo, kwa hiyo mtu ambaye figo zake zimeshadhoofika daktari anampunguzia dozi au anamtoa kabisa ili isijazane mwilini, sasa watu wakiona fulani figo zimeharibika na kaachishwa metfomini wanasema unaona, ndo iliyomuua figo. Wamegeuza mambo juu chini. Kama mama ana wasiwasi huo, na ana haki ya kuwa nao, dawa yake ni kupimwa kriatinini damuni na protini kwenye mkojo, anapimwa anajua.

"Ya asili haina madhara", hii mtu wa Mtwara hatakiwi kuikubali hata kidogo. Mafuta ya ganda la korosho ni ya asili, waulize akina mama wanaobangua yanavyobabua vidole. Muhogo mchungu ni wa asili, na ukiliwa bila kulowekwa na kukaushwa vizuri unaleta konzo, miguu inapooza haipati kupona, na ugonjwa huo umeshatokea mkoani kwetu miaka ya mwanzoni ya 2000. Kiganja kimoja cha magome, kiganja cha nani, cha mtoto au cha mbeba magunia? Ya mti mzee au mchanga? Mtu asiyeweza kusema kiasi hajawahi kupima.

Na hiyo ya "madaktari hawataki ujue", mwanangu, metfomini yenyewe chimbuko lake ni mmea wa Ulaya, watu walikuwa wanautumia zamani, wanasayansi wakafuatilia kilichomo ndani, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akatoa taarifa ya kuitumia kwa wagonjwa. Dawa ya mseto ya malaria imetokana na mmea wa Kichina, na mama aliyeitoa, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Dawa ya mmea ikifanya kazi haifichwi, inapimwa na inaingia duka la dawa. Hapa kwetu Muhimbili kuna taasisi nzima ya tiba asili kwenye chuo kikuu chao, na wizara ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Kwa hiyo huyo wa elfu 60 muulize namba ya usajili wa Baraza ya kwake na ya hiyo chupa. Hata akiwa nayo, usajili peke yake hausemi inaponya kisukari, ila asipokuwa nayo mazungumzo yameisha.

Umeona sikusema mkorosho hauna kitu. Inawezekana una kitu. Nasema hamna mtu aliyeonyesha kwamba unaponya binadamu mwenye kisukari, na mpaka aonyeshe, vidonge vya mama ndo vyenye ushahidi.

Mjomba usimjibu kwenye grupu. Ukimsahihisha mbele ya wapwa wote atasimama na meseji yake hata kama moyoni ameshaona, na mama atachukua upande wa kaka yake. Mpigie simu jioni akiwa ametulia, au muende na kaka yako mkubwa, umsalimie, umwambie namna hii: "Mjomba, ile dawa uliyotutumia tumeona unavyomjali mama. Mama aliacha vidonge, tumempima sukari imesoma kadhaa, tumeogopa. Naomba utusaidie, ukimwambia wewe arudie vidonge atakusikia kuliko sisi. Na aliyekutumia meseji tungependa kumuuliza huyo profesa ni nani." Usimwambie kadanganywa. Mpe kazi ya kumlinda dada yake na mpe swali la kwenda kuuliza, akifuatilia mwenyewe mpaka aone hamna mtu mwisho wa kamba, atakuja kuifuta mwenyewe. Akikubali, yeye ndo aandike kwenye grupu kwamba dozi zisiachwe, kuna watu wengine mle ndani wana presha na sukari na hawajasema. Na mtu asiendelee kuisambaza, taarifa za uongo mtandaoni zina sheria yake toka 2015.

Mama naye usimnyang'anye sufuria. Muulize kwa nini alitamani kuacha vidonge. Wengi wanaotumia metfomini tumbo linawasumbua, wanaharisha au kichefuchefu, wanaona aibu kusema kliniki, afu meseji inakuja inasema acha, inakuwa kama imewasikia. Kama ni hivyo dawa ipo, ameze pamoja na chakula au katikati ya chakula, na aseme kwa daktari, kuna aina inayoyeyuka taratibu ambayo haisumbui tumbo sana. Kama tatizo ni hela ya dawa, au kliniki kuwa mbali, nalo aliseme palepale dirishani ili mpange.

Ukishampima, niandikie ilisoma ngapi, alikuwa amekula au hajala, na tumbo lake likoje.